Wimbo Uliosomwa Mkavu

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini humchujia baba yangu chai. Anapenda maziwa mengi, majani kidogo, na sukari mpaka kijiko kikwame. Asubuhi ile nilikuwa nachuja huku nikivumisha wimbo wangu mpya, simu ikalia mfukoni. Alikuwa Jasper, kiongozi wa kwaya yetu.

"Akiru, usiogope. Lakini wimbo wako umesimamishwa."

Chai ikajaa kikombe, ikafurika, ikafika vidoleni mwangu.

"Kwa nini?"

"Mzee wako. Jana darasa la ubatizo, Mwalimu Linda alimuuliza Yesu alipoomba bustanini alikuwa anaongea na nani. Mzee akasema alikuwa anajisemesha mwenyewe. Mwalimu akamuuliza, hiyo umetoa wapi? Mzee akasimama kabisa, akasema, 'Kwa wimbo wa binti yangu.'"

Nikachungulia dirishani. Baba yangu alikuwa nje, ameketi kwenye kigoda chake, akingoja chai. Naye alikuwa akiimba kiitikio changu, kwa sauti ya mtu anayewaita ng'ombe.

"Leo jioni tukutane kanisani," Jasper akasema. "Kosa ni langu pia. Tulianza mazoezi bila kuusoma."

Kanisani kwetu, hapa Isiolo mjini, wimbo mpya hausikiki ibadani kabla haujasomwa mkavu. Kusoma mkavu ni kusoma bila kinanda, bila makofi, bila hata kutikisa kichwa, neno baada ya neno, kama mtu anayesoma barua ya serikali. Anayesoma ni Mwalimu Linda, mzee wa kanisa aliyesomea theolojia. Husema kwamba sauti tamu ni kama uji wa moto na sukari, unameza kabla hujajua kilichomo. Lakini wakati nilipoutunga wimbo wangu yeye alikuwa Meru akimuuguza dadake, na Jasper hakuwa na subira.

Niliutunga kwa ajili ya baba. Anaitwa Lokwang, lakini wanaume wenzake humwita Apalongor. Kwa Waturkana mwanamume hubeba jina la dume lake la ng'ombe analolipenda. Sisi watoto tunamwita Apa, yaani baba. Kwa miaka mingi alichunga mifugo upande wa Ngaremara na kunicheka niliposhika njia ya kanisa. Mwaka huu ukame ulipomleta nyumbani kwangu, siku moja aliniuliza mwenyewe, "Huyo Mungu wako anabatiza wazee?" Nililia jikoni. Kisha nikatunga wimbo, aimbiwe siku ile atakapotoka majini. Mimi si msemaji. Hata nikisimama mbele ya watoto wa chekechea, ambako kaunti iliniajiri, wiki ya kwanza ya muhula sauti hunikauka. Ndani ya wimbo tu ndimo ninamoweza kusema.

Jioni tuliketi watatu kwenye benchi la mbele. Mwalimu Linda alivaa miwani, akasoma mkavu:

"Baba, ulishuka Bethlehemu. Baba, ulitundikwa mtini. Baba, leo wakaa moyoni. U mmoja, majina matatu, kama mchungaji na jina la dume lake."

Akaishusha karatasi. Bila muziki, maneno yangu yalikaa uchi.

"Akiru, mama. Mtini yuko nani?"

"Mungu," nikasema polepole.

"Ndiyo, na usiache kamwe kusema hivyo. Lakini wimbo umemwita nani?"

"Baba."

"Na yule aliyeikabidhi roho yake mikononi mwa Baba, pale pale mtini, alimkabidhi nani?"

"Baba," nikasema tena.

"Unaona? Aliyevaa mwili ni Mwana. Aliyekufa ni Mwana. Baba alimtuma. Ukisema Baba ndiye aliyetundikwa, basi hakuna aliyetuma wala aliyetumwa. Hakuna aliyeomba wala aliyesikia. Ni mtu mmoja anabadilisha mavazi nyuma ya pazia."

"Lakini nilitaka kusema Mungu ni mmoja," nikanong'ona.

"Na ni mmoja. Hapo hujakosea. Ila sasa twende Yordani. Mwana yuko majini, Roho anashuka, Baba anasema kutoka mbinguni kwamba anampenda. Wote kwa wakati mmoja. Jina linaweza kulipenda jina lenzake? Apalongor anaweza kumtuma Lokwang sokoni?"

"Na akirudi, chenji ampe nani?" Jasper akadakia.

Tulicheka, hata mimi. Kisha Mwalimu Linda akavua miwani.

"Jumapili imebaki siku tatu. Mzee nataka kumbatiza. Lakini siwezi kumbatiza akidhani Mwana ni jina tu la utani la Baba. Wimbo umemfundisha haraka kuliko mimi. Basi wimbo umfundishe tena."

Nilirudi nyumbani nimebeba mzigo huo. Nisipopata maneno ya kweli, Apa angebaki nyuma wenzake wakiingia majini, na sababu ni mimi.

Nikaanza upya. Nilitaka mfano mwingine, maana bila mfano nilijiona sina kitu. Nikapata wazee watatu wanaoota moto mmoja, shauri lao moja, hawagombani. Nikaufurahia. Kesho yake, watoto walipokuwa wakinywa uji, nilimwimbia Hamdi, mwalimu mwenzangu. Hamdi ni Mborana, Mwislamu, na ndiye mtu pekee shuleni ninayeweza kuimba mbele yake.

Alisikiliza hadi mwisho, mkono shavuni.

"Sauti mashallah. Lakini walai, dada, siku zote unaniambia mnaabudu Mungu mmoja."

"Ndiyo, mmoja."

"Hawa wa moto nimewahesabu ni watatu." Akanipiga bega kwa kucheka. "Mimi si wa kanisa lako, usinisikilize. Lakini nikiwa napita barabarani, hicho ndicho nitakachoenda nacho nyumbani."

Nilimshukuru. Ilinichoma, lakini nilimshukuru, maana mji wetu una masikio mengi, na wimbo haumwulizi mtu dini kabla ya kumwingia.

Mwalimu Linda aliposoma mkavu wazee wangu watatu, alitabasamu kwa huruma.

"Ulikuwa umeangukia shimo la kushoto, sasa umerukia la kulia. Wazee watatu ni watu watatu, kila mmoja na boma lake. Mmoja akifa, wawili wanabaki kuota moto. Mungu hagawanyiki hivyo. Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho ni Mungu, na si miungu mitatu. Baba si Mwana, Mwana si Roho. Usiwachanganye, wala usimgawanye."

"Sasa nimfananishe na nini?"

"Nani amekutuma umfananishe? Maandiko yanamwita mwamba, mchungaji, ngao. Imba hayo mpaka uchoke. Lakini pale ambapo hawa watatu ni Mungu mmoja, hakuna kitu Isiolo nzima kinachofanana napo. Simulia tu alichofanya, na kila tendo umpe mwenyewe. Tena hapa umeandika Mwana 'alianza Bethlehemu'. Alianza?"

"Alizaliwa."

"Alizaliwa kwa Mariamu, kama mtu. Lakini hakuanza pale. Hakuna wakati Baba alikuwa hana Mwana. Na huku unasema Roho ni 'nguvu tu'. Nguvu haihuzuniki, haifundishi. Yeye anafundisha."

Nilifuta. Alikuwa hanidharau hata kidogo. Alishika kalamu kama anayemtoa mtoto mwiba. Kisha akarudi kwenye karatasi ya kwanza.

"Mstari huu wa dume," akasema. "Ndio mzuri kuliko yote. Unalia. Lakini haumlilii Mungu. Unamhusu nani?"

Jasper akainuka, akaenda kukunja nyaya za vipaza sauti ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa.

"Apa," nikasema. "Nilipoitwa chuo cha ualimu, alilipeleka dume lake mnada wa mifugo apate karo yangu. Ndilo lile alilokuwa akiliimbia. Alirudi na kamba mkononi. Mpaka leo wanaume wanamwita Apalongor, na dume halipo. Sijawahi kumwambia kitu. Kwetu hatuambiani."

Mwalimu Linda akaniwekea mkono mgongoni.

"Mshukuru Mungu kwa kukupa baba wa namna hiyo. Lakini shukrani ya baba yako usimfichie ndani ya Mungu. Mzee ataipataje?"

Usiku huo maneno hayakuwa magumu tena. Sikutafuta cha kulinganisha. Niliandika:

"Baba, ulitupenda, ukamtuma Mwanao. Mwana, uliyekuwako na Baba kabla ya mwanzo, ulivaa mwili wetu, ukafa, ukafufuka. Roho Mtakatifu, unatupa uzima, watufundisha kuomba. Mungu mmoja, twakuabudu."

Wimbo huo haukuwa na pambo. Mwalimu Linda aliusoma mkavu mara mbili, kisha akauimba.

Apa nilimfundisha kwenye kigoda chake. Alisikiliza, uso umekunjamana.

"Dume langu liko wapi?"

"Nimelitoa, Apa."

"Umelitoa tena?"

Alisema kwa mzaha, lakini niligeuza uso. Akaomba niimbe ubeti wa Mwana mara nyingine, na nyingine.

"Kwa hiyo, aliyeomba bustanini hakuwa anajisemesha."

"Hapana. Alikuwa anamwomba Baba yake."

"Baba alikuwako kweli?"

"Alikuwako. Alimsikia."

Apa akavuta pumzi ndefu. "Afadhali. Ilikuwa inanisumbua. Mtu alie vile, na kumbe hakuna mtu upande wa pili."

Hivyo ndivyo alivyomjibu Mwalimu Linda, karibu neno kwa neno, na Mwalimu akaondoka darasani akipangusa miwani.

Jumapili, nyuma ya kanisa, Apa aliingia kwenye tangi la ubatizo na shuka lake. Alizamishwa kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Jina moja, nikawaza, na ndani yake wote watatu. Alipoibuka akikohoa tuliimba. Jasper alipiga ngoma taratibu ili kila neno lisikike. Hamdi alikuwa amesimama langoni na ushungi wake wa kijani. Alikuja kumpongeza mzee, akasema hataingia lakini anasikia. Baadaye aliniambia tu, "Leo sikuhesabu." Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, kwa ajili ya Mwalimu Linda, kwa ajili ya wimbo uliokamatwa mapema.

Wanaume wa Ngaremara walimzunguka baba yangu wakipiga kelele, "Apalongor! Apalongor!" Naye alicheka huku maji yakimchuruzika ndevuni. Walipotawanyika kwenda kunywa chai, nilimpelekea kitambaa. Alijipangusa kichwa. Nilibaki nimesimama.

"Mbona unaniangalia hivyo? Bado nina sabuni?"

"Hapana, Apa." Sauti ilitaka kukauka. Nikaisukuma. "Ule mstari wa dume haukuwa wa Mungu. Ulikuwa wako. Nilijua ulivyolipenda. Nilikuona ukirudi na kamba. Asante, Apa. Asante kwa kuniuzia jina lako."