Kinga ya Kuazima

Nimeona mengi ya kutia kinyaa katika hospitali hii. Usaha umewahi kunimwagikia viatuni, nikafuta, nikaenda kunywa chai. Kinachonichefua mpaka leo ni kingine. Ni mtu aliyesoma, mwenye koti jeupe linalofuliwa na wengine, anayeviringisha sindano iliyotumika ndani ya shuka lenye damu, anaitupa kapuni, kisha huyo, anakwenda kunawa mikono.

Aliyeikuta sindano hiyo ni wifi yangu, mke wa kaka yangu. Anafanya kazi chumba cha kufulia, mimi ni muuguzi wa kliniki ya wafanyakazi. Alikuja amekishika kidole, glavu imetoboka, uso umempauka.

"Wifi, imeingia. Nimeosha kwa maji na sabuni kama ulivyotufundisha. Lakini imeingia mpaka ndani."

"Shuka za nani?"

"Za yule wa kitanda cha pembeni, aliyefanyiwa upasuaji."

Nilikwenda wodini mbio. Mgonjwa wa kitanda cha pembeni ana virusi vya homa ya ini B, imeandikwa kwenye faili lake kwa wino mwekundu. Ugonjwa huo huingia kwa damu na unaweza kulila ini polepole mpaka mtu akaisha. Wifi yangu ana mtoto wa kunyonya na mume ambaye hajui hata kukaanga yai.

Nilimkuta Mganga Mkuu ofisini anatafuna maandazi. Makombo yalikuwa yamejaa kifuani. Nikamweleza yaliyompata wifi.

"Yule dobi? Mbona hana tatizo," alisema, mdomo umejaa. "Si tuliwapima wote mwaka jana? Mimi mwenyewe niliagiza. Pepopunda, kinga ipo. Surua, kinga ipo. Homa ya ini, hasi. Arudi kazini."

"Hasi ya nini, daktari?"

"Hasi. Hana."

"Hana virusi. Nani alikwambia ana kinga?"

Alinitazama kama nimemmwagia maji kwenye chai. Huyu bwana alitumia damu ya wafanyakazi wote kutafuta kinga ya pepopunda, kitu ambacho kwa kawaida hakuna haja ya kukipima. Mtu akijeruhiwa unamuuliza alichomwa chanjo lini mara ya mwisho. Ikiwa ni zamani au hajui, unamchoma, basi. Alitafuta kinga ya surua hata kwa waliokuwa na kadi zinazoonyesha chanjo mbili, na kadi hizo zinatosha. Kipimo hicho kingemsaidia asiye na kadi wala kumbukumbu, hasa mwanamke anayetaka kushika mimba, kwa kuwa akishashika hachanjwi tena surua. Kipimo kimoja tu ndicho watu wa damu na sindano walichokihitaji, kingamwili za homa ya ini mwezi mmoja au miwili baada ya chanjo ya mwisho, nacho ndicho alichokiacha. Akapima uwepo wa virusi, akaona neno "hasi", akawapigia makofi.

"Alichanjwa mara tatu alipoajiriwa," alisema.

"Alichanjwa. Wako watu wanaochanjwa na mwili ukakaa kimya. Ndiyo maana tunapima."

"Basi mpime," alisema, akarudi kwenye andazi lake.

Nilimtoa wifi damu kabla sijamgusa na dawa yoyote, kisha nikaipeleka maabara mwenyewe, mkononi, nikasimama mlangoni mpaka fundi akaniomba niondoke. Kiwango cha kinga kikiwa kumi na kuendelea, mtu amekingika. Wifi alikuwa na tatu.

"Tatu ni nzuri?" aliniuliza.

"Mbaya."

Hakulia. Aliuliza kama aendelee kunyonyesha, nikamwambia aendelee, chuchu zisiwe tu na vidonda. Siku hiyohiyo nilimchoma mkono mmoja chanjo upya, na upande mwingine kingamwili zilizotengenezwa tayari kutoka damu za watu wengine, zimlinde wakati mwili wake unajifunza.

"Sasa hizo ni za kuazima," nilimwambia. "Zitakaa miezi, kisha zitaisha. Zako zinakuja kwa chanjo. Ukikosa hata moja, tumefanya kazi bure."

"Za kuazima," alisema, "kama kaka yako na suti ya harusi yetu."

Tukacheka.

Alirudi kuchomwa ya pili. Miezi ikasonga. Siku ya chanjo ya tatu ilipokaribia, alinipita ukumbini anapiga vigelegele.

"Wifi, nimepona! Mganga Mkuu alinipima mwenyewe kwa ajili ya wageni wa ukaguzi. Ilikuwa wiki mbili tu baada ya ajali. Leo ndipo amenionyesha majibu. Nina kinga tele! Amesema sina haja ya sindano nyingine."

Yule mtu alipima kinga ya kuazima. Alimchukua damu wakati dawa yangu bado inaogelea mwilini mwake, akaisoma kama ni yake, akaitia kwenye hotuba yake. Wageni walikuwa wameshampongeza kwa kuwalinda wafanyakazi. Nilitamani kutema mate, nikameza kwa sababu sakafu husafishwa na wenzake wifi.

"Suti ya harusi, wifi," nilisema. "Amekupiga picha ukiwa na suti ya watu."

Kigelegele kilimfia mdomoni.

"Kumbe sikupona?"

"Sijui. Hata yeye hajui. Pandisha mkono wa nguo."

Akapandisha. Nilimchoma ya tatu, na baada ya muda wake, zile za kuazima zikiwa zimeshakwisha, nikamtoa damu tena, mara hii ya virusi na ya kinga pamoja. Kaka yangu alikuja kusubiri nje, hakuketi. Fundi wa maabara alinikabidhi majibu, nikayasoma mara mbili. Virusi hamna. Kinga mia mbili na zaidi, na zote zake mwenyewe. Kaka yangu alilia kwa sauti mbele ya watu, wifi akamwambia aache kumwaibisha.

Hapo ndipo Mganga Mkuu alipoingia, ametandaza tabasamu. Alitaka picha ya wifi ibandikwe ubaoni.

"Mfano bora wa mpango wangu," alisema.

Wifi alikwenda chumba cha kufulia, tukamfuata kwa kuwa hatukujua anakwenda wapi. Kapu la siku hiyo lilikuwa limejaa, shuka zimekakamaa kwa damu iliyokauka, harufu inapanda mpaka puani. Alifungua mzigo mmoja uliofungwa, akatandaza ncha yake.

"Daktari, kabla ya picha, nisaidie kuuchambua huu. Kwa mikono mitupu."

"Mimi?"

"Wewe umechanjwa, sivyo? Kinga yako ngapi?"

Nilijua jibu kabla hajalitoa, kwa sababu ndilo pekee alilokuwa nalo.

"Mimi ni hasi," alisema.

"Basi haina neno," wifi alisema, akausogeza mzigo karibu yake. "Ingiza mkono."

Mashine ilikuwa inazunguka nyuma yetu. Madobi wote walikuwa wamesimama. Mganga Mkuu aliutazama ule mzigo, akaitia mikono yake miwili mifukoni mwa koti lake jeupe.