Goti Juu ya Tumbo la Muteba

Kabamba alimzaba mdogo wake kofi, akamwangusha sakafuni. Muteba alikuwa amelowa jasho, uso umempauka, amekishika kichwa akisema kuna nyundo ndani yake.

"Ni pombe ama ni pepo," Kabamba alisema, akamkandamiza goti tumboni. "Mulete kamba."

Tumbo lilipofinywa, Muteba alitapika na damu ikamchuruzika puani. Mkewe, Mbelu, alimsukuma shemeji yake bila kumtikisa. Kabamba na walioleta kamba walimfunga mpaka akanyamaza.

Kesho yake, hospitalini Kamina, Daktari Lise alimpima presha: kumi na mbili kwa nane, ya kawaida. Lakini Muteba alipoinama kufunga kiatu, jasho lilimtoka tena. Lise akapima upya: ishirini na nne kwa kumi na nne.

"Kichwa, jasho, moyo kukimbia, vyote vinakuja pamoja, kisha vinapita. Hii si pombe," alisema.

Picha ya ekografia, ya kuona ndani ya tumbo, ilionyesha uvimbe kwenye tezi iliyo juu ya figo ya kulia.

"Ninashuku feokromositoma. Uvimbe huu unamwaga adrenalini katika damu. Tutakusanya mkojo wa mchana na usiku, upimwe Lubumbashi. Mama Mbelu, mutu asimufinye tumbo. Anaweza kufa."

Dawa ya kulegeza mishipa ya damu ilianza siku hiyo. Ya kutuliza moyo Lise aliizuia: ingetangulia, presha ingepanda zaidi.

Jumapili, nyumbani, baada ya misa, shambulio lilirudi. Kabamba aliingia na kamba.

"Shemeji, usimuguse."

"Weye njo unamuharibu na madocta wako." Akakunja goti, akalielekeza tumboni mwa Muteba.

Mbelu alinyanyua mchi wa kutwangia sombe, akaushusha kwa nguvu zake zote. Mfupa wa mkono wa Kabamba ulilia kama kuni kavu. Kabamba alimpiga teke la ubavu. Mbelu akainua mchi tena, akasimama kati yake na mumewe, damu ikimtoka mdomoni, mpaka moyo wa Muteba ukapunguza mbio.

Majibu ya mkojo yalipofika, homoni zilikuwa zimepita kiwango cha kawaida mara kadhaa. Lise aliongeza dawa, akapanga Muteba apasuliwe Lubumbashi presha ikishatulia. Kisha akamgeukia Kabamba, mkono wake uliovunjika ukiwa kwenye plasta.

"Baba yenu alikufa na nini?"

Kabamba alitazama ukuta.

"Jasho. Kichwa. Tulisema ni wazimu. Banjomba, ndugu za mama, walimulalia juu, miye nikashika miguu. Akakata roho palepale."

"Ugonjwa huu wakati mwingine unapita katika damu ya jamaa. Na wewe utapimwa."

Kabamba alikunja shati upande wa mkono mzima.

"Pole pole, Docta," Muteba alisema. "Huyu ukimufunga anauma."

Kabamba alicheka kidogo, macho yamemjaa maji. Mbelu hakucheka. Alisogeza kiti chake, akakaa katikati ya wale ndugu wawili, huku mashine ya presha ikianza kuubana mkono wa Kabamba.