Mafuta ya Mgongoni

Watoto wa Dafroza waliijua ngozi yake ya Desemba tu. Walipanda kijijini Kilema, mlimani, kila mwisho wa mwaka, wakati joto limerudi migombani na mvua za vuli zimelainisha kila kitu, wakamkuta mama yao anang'aa, wakasema kwamba hazeeki. Baada ya mwaka mpya walishuka na magari yao, nyumba walizojenga kando ya nyumba yake zikafungwa makufuli, na hakuna aliyebaki kuona Julai inavyomtendea.

Julai hiyo upepo ulishuka kutoka mlimani kila asubuhi, mkavu na wenye baridi kali. Miguu ya Dafroza ilipauka hata angeweza kuandika jina lake juu yake kwa ukucha. Magaga ya visigino yalinasa kwenye blanketi kila alipogeuka. Lakini miguu na visigino aliviweza, kwa kuwa mikono yake ilivifikia. Kilichomshinda ni mgongo. Kati ya mabega palikuwa na sehemu iliyokakamaa na kuwasha bila kukoma, nayo mikono yake, iliyochoka kwa miaka mingi ya jembe, haikufika tena huko.

Zamani mgongo huo ulikuwa kazi ya mumewe, Evaristo. Katika majira ya baridi, Dafroza alipomaliza kuoga aliketi kwenye kigoda jikoni, naye Evaristo akachota mafuta ya mgando kwa vidole viwili, akayasugua viganjani mpaka yakalegea, akampaka kuanzia shingoni kwenda chini. Hakuwa mtu wa maneno. Alipomaliza alimpiga begani mara moja, kama mtu anavyompiga ng'ombe aliyekwisha kukamwa, akasema, "Haya, nenda." Evaristo alizikwa Septemba iliyopita, chini ya migomba nyuma ya nyumba. Hii ilikuwa baridi ya kwanza bila yeye.

Dafroza alijaribu kujisaidia. Alifunga kitambaa kwenye mwiko wa ugali, akakipaka mafuta, akajisugua kwa nyuma kama mtu anayekwangua sufuria. Mafuta yalishika gauni, yakashika ukuta, mgongo ukapata kidogo sana. Alijiegemeza kwenye nguzo ya jiko na kujisugua, mpaka alipomwona mbuzi wake akifanya vivyo hivyo kwenye mlango wa zizi. Akaacha.

Mwanawe Fredy alipopiga simu kutoka Dar es Salaam, alimwambia kwamba ngozi inamsumbua.

"Ngozi gani tena, mama?" Fredy alicheka. "Si wewe huyu tuliyemwacha anang'aa kuliko Violet? Mke wangu alinuna njia nzima."

"Mwambie Violet aje Julai, atafurahi."

"Basi nakutumia losheni. Anayotumia mwenyewe. Nitaituma na basi, utaichukua kituoni Himo."

Dafroza alitaka kumwambia kwamba shida si losheni bali mkono. Lakini mama humwambiaje mwanawe wa kiume jambo la mgongo wake? Akamshukuru, akamuuliza habari za wajukuu, akakata simu.

Losheni ilifika, ndani ya chupa ndefu iliyonukia maua. Ilikuwa nyepesi kama maziwa. Kwa Dar es Salaam, ambako mtu hutoka jasho hata akiwa ameketi, bila shaka ilitosha. Hapa Kilema iliingia ngozini ikapotea, na kwenye magaga yaliyopasuka ilichoma kama ndimu. Dafroza aliiweka juu ya kabati, karibu na picha ya Evaristo, ili Fredy aikute Desemba.

Usiku alijikuna kwa kitana. Asubuhi alipoona alama za damu kwenye shuka, alijifunga kanga akaenda zahanati.

Muuguzi alikuwa binti mmoja aitwaye Dainess, mpole, mwenye sweta juu ya gauni lake jeupe. Aliutazama mgongo.

"Shikamoo tena, bibi," alisema. "Sasa nieleze. Unaogaje?"

"Marahaba. Ninaoga kama watu wote, mwanangu. Mimi si mchafu."

"Sijasema hivyo. Maji ya namna gani?"

"Ya moto. Baridi hii, nioge maji gani mengine?"

"Na sabuni?"

"Ya mche. Na dodoki. Kisha najikausha karibu na moto mpaka nipate joto, napika, nakula, halafu wakati wa kulala najipaka mafuta."

Dainess alitikisa kichwa taratibu, bila dharau. Alimweleza kwamba ngozi ina mafuta yake yenyewe, na kwamba maji ya moto na sabuni kali huyaondoa, hasa kwa mtu mzima ambaye ngozi yake haitengenezi tena mafuta mengi. Dodoki huikwaruza, na moto humalizia kuikausha. "Mafuta ya mgando hayaleti maji, bibi. Yanazuia yaliyopo yasitoke. Ukipaka ngozi iliyokwisha kukauka, unafunga mlango wakati ng'ombe ametoka. Oga maji ya uvuguvugu, usikae sana. Sabuni weka kwapani, miguuni na pale panapohitaji. Jifute kwa kugusagusa tu, na upake ngozi ikiwa bado mbichi, palepale. Chukua mafuta mazito, siyo losheni ya maji. Ukiona muwasho haupungui, rudi tuangalie kama kuna jambo lingine."

"Nimeelewa."

"Na huu mgongo, nani atakupaka? Nyumbani yupo nani?"

"Wapo," alisema Dafroza.

Alitoka nje, akapandisha njia ya nyumbani. Alikuwa amefika kwenye mfereji wa maji alipolazimika kusimama. Maneno ya muuguzi yalikuwa yamefika mahali pengine.

Evaristo alilala kitandani miezi mingi kabla ya kufa, na katika miezi hiyo yote Dafroza alimwogesha asubuhi na jioni. Alichemsha maji, akamsugua kwa sabuni ya mche ili chumba kisinuke hata kidogo, akamkausha kando ya jiko la mkaa. Baadaye akamlisha, na mwisho kabisa, alipopata nafasi, akampaka mafuta. Ngozi ya Evaristo ilipasuka, ikatoa magamba. Kadiri ilivyopasuka ndivyo alivyozidi kumwogesha.

Kisha Bernadetha alikuja kumwona. Bernadetha alikuwa dada mkubwa wa Evaristo, aliyeolewa ng'ambo ya mfereji huohuo. Alifunua blanketi, akaitazama miguu ya mdogo wake, akasema mbele ya wanawake wa jumuiya waliokuja kusali, "Mdogo wangu amekauka kama gome la mti. Hata mafuta mmemnyima?" Dafroza hakujibu. Tangu mazishi hawakusemezana. Kanisani waliketi mabenchi tofauti, na walipokutana mferejini, mmoja aliinama kuchota huku mwingine akitazama mawe.

Dafroza sasa alifahamu kwamba Bernadetha aliona kweli, ila hakujua sababu yake. Na hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumweleza.

Kwenye mpaka wa kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, palikuwa na mstari wa masale, yale majani marefu ambayo mtu wa mlimani akiyapeleka kuomba msamaha kwa aliyekosana naye, hayakataliwi. Kwa desturi hupelekwa na mshenga. Dafroza hakuwa na wa kumtuma. Alikata jani moja, akalifunga fundo, akalificha ndani ya kanga, akavuka mfereji.

Bernadetha alikuwa barazani, akichambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba." Mikono yake haikusimama. "Umepotea njia?"

Dafroza alitoa lile jani la isale, akalishika kwa mikono miwili. Bernadetha alilitazama. Kisha akaweka ungo chini, akajifuta mikono, akalipokea.

"Wewe ndiye uliyekosewa," alisema, "na wewe ndiye unayeleta. Nilikusema mbele za watu, mimi. Isale hili ni la nini?"

"La Evaristo. Ulisema amekauka. Alikauka kweli. Ni mimi niliyemkausha." Akamweleza yote aliyoyasikia zahanati, maji, sabuni, moto, mafuta yaliyochelewa.

"Asubuhi na jioni?" Bernadetha aliuliza.

"Kila siku. Hakunuka hata mara moja, wifi."

"Hakunuka," Bernadetha alikubali. "Nililiona hilo, nikalinyamazia." Alilizungusha jani vidoleni. "Ulipokaa kimya nilidhani ni hatia."

"Nilikuwa nimechoka."

Kuku alipanda kwenye ungo, hakuna aliyemfukuza.

"Na begani unajikuna nini tangu umefika? Viroboto?"

"Mgongo," alisema Dafroza. "Siufikii."

Bernadetha aliinuka, akatafuta fimbo yake. "Tangulia. Bandika maji. Na usiyachemshe kama unanyonyoa kuku."

Jikoni kwa Dafroza, Bernadetha alitumbukiza kiwiko ndani ya beseni, kama afanyavyo mtu anayetaka kumwogesha mtoto mchanga, akaongeza kopo la maji baridi. Dafroza alioga upesi nyuma ya pazia, dodoki likabaki limening'inia msumarini. Alitoka amejifunga kanga kiunoni, ngozi ikiwa bado na unyevu, akaketi kwenye kigoda, mbali na moto kuliko alivyozoea. Baridi ilimshika. Alisikia kifuniko cha kopo la mafuta kikifunguka.

Mikono ya Bernadetha ilikuwa migumu, yenye mifupa. Ilisimama kati ya mabega.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Huu ni mwili wa Evaristo kabisa. Hivihivi ndivyo alivyokuwa."

"Ndiyo."

"Kumbe ulimtunza kama unavyojitunza."

Mafuta yaliyeyuka kwa joto la viganja, yakaenea juu ya unyevu, na ngozi iliyokuwa imemkaza kama nguo iliyosinyaa ikaanza kulegea. Bernadetha alipaka shingo, akapaka mabega, akashuka mpaka kiunoni bila haraka. Alipomaliza alimfunika kwa kanga na kujipaka mafuta yaliyobaki kwenye mikono yake mwenyewe.

Dafroza aliendelea kukaa, mgongo ameunyoosha.

"Unangoja nini?" Bernadetha aliuliza. "Nimemaliza."

"Hakuna kitu."

"Basi vaa, usije ukapata kichomi. Kesho nikiona moshi wa jiko lako jioni, nitavuka. Ukiwa mwingi sana sivuki, nitajua umeyachemsha."

Fimbo yake ilisikika ikishuka kuelekea mfereji, kisha haikusikika. Nyumba za watoto zilikuwa zimefungwa pande zote mbili, na ukungu ulikuwa umeanza kuteremka migombani. Dafroza alivaa gauni na sweta. Kwa mara ya kwanza tangu masika yaishe, mgongo haukumwasha. Palibaki bega tu, likingoja.

"Haya, nenda," alijiambia, akaenda kuwafungia kuku.