Fungu la Vitabu Vitakavyochanika

Mwalimu mkuu aliishika bajeti ya maktaba, akakata mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: gundi, na fedha za kununua vingine badala ya vitabu vitakavyochanika au kupotea.

"Mfadhili akisoma hivi atatuona wahuni," alimwambia mwalimu wa darasa la nne, aliyeandika bajeti hiyo pamoja na ombi zima la ruzuku kwa mfadhili, na ambaye watoto hawakumwita Pilipili bure. "Na kwenye sehemu ya matokeo andika kwamba vitabu vyote vitabaki vipya."

Pilipili alikuja juu. "Matokeo ni kila mtoto aazime kitabu kimoja kwa wiki, tuhesabu kwenye daftari la kuazima. Kitabu kinachosomwa kinachakaa, mzee! Ndiyo maana kwenye mpango wa uendelevu nimeandika kwamba ruzuku ikiisha, shule yenyewe itanunua gundi na wazazi watatusaidia kushona vitabu."

"Futa."

"Sifuti ng'o!"

Alinyoosha kidole kwenye kabati la kioo nyuma ya kiti cha mkuu. Ndani, vitabu vya mfadhili aliyetangulia vilikuwa vimepangwa safi, bado vimo kwenye nailoni, na kufuli limening'inia mlangoni.

"Hivyo hapo ni vipya. Watoto walioletewa wameshaoa na kuolewa. Hilo nalo nimelieleza kwenye sehemu ya mahitaji yetu, bila kuficha."

Mkuu aligeuka, akalitazama kabati lake.

"Tia sahihi, mzee," Pilipili alisema, kiganja wazi mbele yake. "Halafu nipe ufunguo. Tunaanza kuvichakaza leo."