Kifuniko Hakikufutwa

Macho ya Fundi yalianza kumsaliti mwaka juzi, na yeye akaamua kulifanya jambo hilo siri, kama vile siri inafichika gereji. Herufi ndogo ziligeuka sisimizi. Namba za spana alizitambua kwa kidole. Chupa za mafuta ya breki alizijua kwa mahali pake rafuni: kushoto daraja la DOT 3, kulia DOT 4. Binti yake, kitinda mimba, ambaye alisomea umakanika chuoni na sasa walikuwa wanafanya kazi pamoja, alishamwambia mara tatu akapimwe miwani. "Miwani ya nini? Mimi nasikia gari, sisomi gari," alijibu, na wateja wakacheka. Lakini moyoni alijua kinachomtisha. Siku atakayokiri haoni, ndiyo siku atakayowekewa kiti mlangoni awaamkie wateja.

Basi Jumatatu asubuhi shemeji yake, kaka wa mkewe, akaleta gari. Ni basi dogo analoliendesha kupeleka wagonjwa wa figo hospitali ya bondeni, mara tatu kwa wiki, kusafishwa damu. Mpira wa breki wa gurudumu la mbele ulikuwa unavuja. Binti alikuwa ametoka kununua vipuri. Fundi akabadilisha mpira, kazi safi, mikono haijamsahau. Akafungua tangi dogo la mafuta ya breki, akanyoosha mkono kulia kwa rafu bila kugeuka, akamimina. Akamwambia shemeji akanyage pedali, naye akatoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki, gurudumu moja baada ya jingine, akiongeza mafuta kila yanapopungua, mpaka chupa ikaisha. Pedali ikawa ngumu kama jiwe.

"Kama mpya!" akasema.

"Ndiyo maana sikuachi, shemeji," dereva akamjibu, akaondoka kwenda kukusanya abiria wake nyumba kwa nyumba.

Haikupita nusu saa binti akarudi. Akaiokota ile chupa tupu, akaigeuza.

"Baba, umeweka DOT 3 kwenye gari gani?"

Fundi akageuka kuitazama rafu. "Hiyo ya kulia?"

"Jumamosi nilipanga rafu upya. DOT 4 nimezisogeza kushoto kusikopigwa jua, DOT 3 zimekuja kulia. Gari gani?"

"La mjomba wako."

"Kifuniko cha tangi lake kinasema litumie ipi?"

Hapo ndipo, jamani, mtu anapopimwa. Fundi ndiye aliyemfundisha binti huyu, tena kwa ukali: futa kifuniko, soma, ndipo umimine. Kile cha asubuhi kilikuwa kimeganda vumbi na grisi, na hata kingekuwa kinang'aa asingekisoma. Akafungua mdomo na uongo ukatoka wenyewe, laini kabisa.

"Kinasema tatu."

"Aa, basi sawa," binti akasema, akaenda zake kupanga vipuri.

Alimwamini! Hilo ndilo lililomchoma. Angebisha, wangegombana, ukweli ungetoka kwenye ugomvi. Lakini binti alilichukua neno la baba yake kama lilivyo, akaendelea na kazi huku akiimba chinichini.

Fundi akakaa juu ya tairi na kujipa moyo. DOT 3 na DOT 4 ni za ukoo mmoja, zinachanganyika. Si kama DOT 5 ile ya silikoni, ambayo haielewani na hizi hata kidogo. Mpira hautavimba, pedali haitalegea leo hapa mjini. Jioni gari likirudi atamwita shemeji kwa kisingizio chochote, ayatoe yote, aweke ya nne, na hakuna atakayejua.

Ila gari halikuwa la mjini. Lilikuwa linakwenda bondeni, kilomita kumi na nane za mteremko, viti vyote vimejaa, mguu wa dereva juu ya breki karibu muda wote. Breki zikichemka, mafuta nayo huchemka, na DOT 3 huchemka mapema kuliko ya nne. Yakichemka yanatoa mvuke. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Pedali inazama mpaka chini, na gari linaendelea na safari yake. Huenda leo lingefika salama. Huenda. Fundi alilipima neno hilo, akaona halitoshi kupakia hata mgonjwa mmoja.

Akapiga simu. Iliita, ikakatika. Akapiga tena.

"Shemeji, niko na watu, kuna nini?"

"Uko wapi?"

"Kituo cha mafuta cha juu. Namsubiri bibi mmoja atoke msalani, tuanze kuteremka."

"Usiteremke. Fungua boneti, futa kile kifuniko cha mafuta ya breki, unisomee."

Ikasikika sauti ya boneti, kisha ya shemeji, polepole: "Tumia DOT 4 tu. Kwani wewe uliweka nini?"

Binti alikuwa ameacha kuimba. Alikuwa amesimama katikati ya gereji akimtazama baba yake.

"Niliweka tatu," Fundi akasema. "Sikukisoma. Sioni, shemeji. Mwaka wa pili huu sioni herufi." Na kwa binti, bila kuziba simu: "Nimekudanganya, mama. Nisamehe."

Shemeji akafoka, na ana haki yake. Watu wana miadi ya mashine, damu haisubiri! Fundi alimwacha afoke. Binti hakufoka. Alichukua chupa mbili za DOT 4 ambazo hazijafunguliwa, maana mafuta hayo yakishafunguliwa hunywa unyevu wa hewani, akachukua mpira mwembamba, spana na dumu tupu, akawasha pikipiki.

"Panda, Baba," akasema tu.

Kituoni wagonjwa walikuwa wameteremka, wamekaa kivulini na mifuko yao magotini. Hakuna aliyewatukana, na hilo lilimuumiza Fundi kuliko matusi. Binti akatoa mafuta ya tangini, akajaza mapya, akaingia chini ya gari kuanzia gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na tangi. Fundi alitaka kushuka naye. Akainama, akautazama ule mpira mwembamba uliopeleka mafuta dumuni, asione kama unatoa mapovu au hautoi. Akanyanyuka, akaenda kukaa kwenye kiti cha dereva.

"Kanyaga," sauti ya binti ikatoka chini. "Shikilia. Achia. Pole pole, Baba, usiwe na pupa."

Akakanyaga, akashikilia, akaachia. Rangi isingewasaidia, ya tatu na ya nne hufanana, kwa hiyo binti alipitisha mafuta mengi kila gurudumu kuliko kawaida ili ya zamani yasibaki. Magurudumu manne. Kila mara kabla ya tangi kupungua alitoka, akaongeza, akarudi chini. Ilichukua dakika hamsini. Shemeji alipiga simu hospitali, wakakubali kuwasogezea saa. Akalizungusha gari uwanjani mara tatu akifunga breki, akaitikia kwa kichwa kwamba ni nzuri. Hakusema asante, wala haikutarajiwa.

Wakati wanapanda, yule bibi aliyekuwa akisubiriwa akasimama mbele ya Fundi. Miguu yake ilikuwa imevimba, ameshika mlango wa gari kwa mkono mmoja. Alimtazama mzee huyu mwenye ovaroli na mvi.

"Wewe ndiye fundi?" akauliza. "Nikuulize wewe. Tutafika?"

Mtu hujibu swali hilo miaka arobaini bila kufikiri. Fundi akamwelekeza kwa mkono alipokuwa binti, ambaye alikuwa akimwagia maji tone la mafuta lililodondokea rangi ya gari, lisiibabue.

"Muulize yule, bibi," akasema. "Fundi ni yule."