Kivuli cha Ukurasa wa Tisa

Mwenyekiti Levis alinitumia picha za kitabu cha kumbukumbu za mikutano ya kanisa, alizopiga mwenyewe kwa simu. "Jedidah, tengeneza PDF safi, uitume kwa grupu la washirika. Na usisome siri za watu."

Sawa. Hapa saiba yangu, duka la kompyuta na intaneti mjini Ndhiwa, nasafisha picha tu. Kurasa zote zilikuwa na mwanga mzuri, isipokuwa wa tisa, uliofunikwa na kivuli cha mkono wake hadi maandishi hayakusomeka. Programu ikapima weupe wa karatasi kila sehemu, ikausawazisha. Kivuli kikatoka, wino ukabaki. Nikatuma.

Mwenyekiti akapiga simu akifoka. "Nani alikuambia utoe kile kivuli?"

Ndipo nikausoma ukurasa huo: "Mwenyekiti alikoroma kuanzia sala ya kufungua. Aliamshwa kuja kupokea sifa za uongozi bora."