Upande wa Kushoto wa Kichwa cha Nesi

Nesi alivua kilemba mbele ya kioo cha saluni. Juu ya sikio la kushoto nywele zake za rangi ya asali zilikuwa zimekatika vibaya, zimesimama kama majani yaliyopitiwa na mbuzi.

"Ni pasi ya nywele hiyo," alisema Mamdogo, ambaye ndiye aliyempaka rangi siku zote. "Unazichoma sana nyumbani."

"Pasi sina, mama."

Msusi, ambaye Mamdogo ndiye aliyemlea na kumfundisha kazi, alisogea akatazama. Nywele hazikukatikia nchani. Zote zilikatikia sehemu moja, pale nywele nyeusi mpya zinapokutana na za zamani zilizokwisha kupakwa blichi ya kupausha. Zilizobakia hapo zilikuwa na mkanda mweupe, ukizivuta kidogo zinanyumbuka kama mpira. Hiyo si pasi. Hiyo ni blichi iliyopanda juu ya blichi.

Mtu aliyekushika mkono tangu hujui hata kushika kitana, utamwambiaje?

"Kaa, nikutengeneze," Mamdogo alimwambia Nesi. Nesi akakaa, maana kwa miaka mingi kichwa chake hakikuguswa na mtu mwingine.

Mamdogo alikoroga blichi bila glavu. Siku hizi hakuvaa kabisa, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka pasuka. Kabla ya kupaka alipitisha kidole gumba juu ya kila fungu la nywele, polepole, kama anayetafuta mwiba. Upande wa kulia, ulioelekea dirishani, kazi ilikwenda vizuri. Alipohamia kushoto, kwenye kivuli, msusi aliiona brashi ikifika kwenye mpaka wa rangi, ikauvuka, ikateremka tu.

Aliushika mkono wa Mamdogo.

"Mamdogo, umepita."

"Nimepita wapi?"

"Mpaka. Uko kwenye nywele za zamani."

Mamdogo aliinama mpaka pua ikakaribia kichwa cha Nesi. Alikodoa macho. Msusi akaelewa: Mamdogo alikuwa haoni. Mpaka wa rangi alikuwa akiutafuta kwa kidole, kwa ule ukavu wa nywele zilizopaushwa, na ndiyo maana aliacha glavu. Lakini dawa ikishaloanisha nywele, kidole hakiambii kitu.

"Kuna nini huko nyuma?" Nesi aliuliza.

"Kaa hivyo hivyo, dada," msusi alisema. Alifuta lile fungu kwa pamba yenye maji, akarudia mara kadhaa, kisha akalipaka kondishena. Mamdogo alikuwa bado ameshika brashi. Msusi aliichukua taratibu, kama unavyomchukulia mtoto kisu.

Upande wa kulia palikuwa pamebakia utosini na mbele, msusi akamalizia yeye. Nywele za zamani alizipaka kondishena nzito, ili dawa ikiteleza isizile. Aligawa mafungu membamba yanayopitisha mwanga, akapaka nywele mpya tu kwa ncha ya brashi, akasimama upana wa uzi kabla ya kufika mpakani, kwa sababu blichi huvimba ikajisogeza yenyewe. Ukisimama mbali mno utaacha mkanda mweusi. Ukivuka, unazikata nywele. Za mbele kwenye paji la uso, laini na zinazoshika haraka, alizipaka mwisho. Mara kwa mara alifuta dawa kwenye unywele mmoja, akalinganisha rangi yake na za chini zilizopaushwa zamani. Zilipofanana, alisuuza.

"Kushoto sipaki leo," alimwambia Nesi. "Zimechoka. Nikigusa tena zinabakia mkononi. Nitakugeuzia njia ya nywele zifunikwe."

"Kwa hiyo haikuwa pasi."

"Haikuwa pasi. Ni sisi. Utusamehe."

Nesi alimtazama Mamdogo kwenye kioo. Alifunga kilemba chake mwenyewe akaondoka.

Mamdogo alikuwa anapanga taulo zilizokwisha kupangwa.

"Umenivua nguo mbele ya mteja," alisema.

"Ungezikata zote."

"Najua." Akakaa kwenye kiti cha kuoshea. "Mchana kweupe naona. Kwenye kivuli rangi zote zinakuwa moja. Nilidhani ni uchovu."

"Mbona hukuniambia, Mamdogo?"

"Ningesema nini, mwanangu? Kwamba mpakaji rangi haoni rangi?"

Asubuhi iliyofuata walikwenda wote wawili kwa daktari wa macho. Daktari alisema ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, kilichobakia kitalindwa kwa dawa ya matone. Mamdogo aliuliza swali moja tu, kama ataweza kuendelea na kazi. Daktari akamuuliza kazi gani, naye akamwonyesha vidole vyake vilivyopasuka.

Sasa yeye huosha vichwa na kusuka mabutu. Wateja wake wa zamani bado humwita wanapotaka rangi, naye huwaelekeza kwa msusi kwa mkono, huku uso wake ukitazama kwingine. Nesi hajarudi. Msusi amempigia simu, naye hapokei. Mamdogo huuliza kila jioni kama amepokea.